J'ai au je suis? Kujenga wakati uliopita wa Kifaransa kwa vitenzi visaidizi viwili

Anayetembeza wageni wa Kifaransa pale Ngome ya Yesu hakwami anapoonyesha. Hii ni mizinga, lile ni lango, kule ni bahari: kitenzi kimoja tu kinamtosha. Hukwama anapoanza kusimulia. Wareno waliijenga, Waomani wakaja, watu wakafa, meli ikazama. Hapo anahitaji wakati uliopita, na Kifaransa cha mazungumzo hakiusemi kwa neno moja kama sisi tusemavyo "walijenga". Husema maneno mawili, na kabla ya kufungua mdomo lazima uwe umeshachagua lile la kwanza.

Wakati huo vitabu huuita *passé composé*. Tutaujenga kwa hatua, tukikaa zaidi kwenye kuchagua kitenzi kisaidizi, maana makosa mengi huzaliwa pale.

Hatua ya kwanza: shika visaidizi viwili

Neno la kwanza ni kitenzi kisaidizi. Ni ama *avoir*, yaani kuwa na, ama *être*, yaani kuwa. Hutumika katika wakati uliopo, na ndicho kinachobadilika kwa nafsi:

*j'ai, tu as, il a, elle a, nous avons, vous avez, ils ont, elles ont*

*je suis, tu es, il est, elle est, nous sommes, vous êtes, ils sont, elles sont*

Yakariri mpaka yatoke bila kufikiri. Kisha zoeza sikio lako kwa jozi moja hasa: *ils ont* na *ils sont*. Katika *ils ont* ile *s* ya *ils* hutamkwa kama *z* na kuungana na neno linalofuata, ikawa kama "il-zon". *Ils sont* ni "il-son". Mswahili hana shida kutofautisha *z* na *s*, kwa hiyo hapa una bahati, mradi usilegeze. Ukisema *z* umechagua *avoir*. Ukisema *s* umechagua *être*.

Jozi ya pili ina mtego zaidi: *je* na *j'ai*. Sauti ya mwanzo ni ileile, ile ambayo Kiswahili hakina, lakini *j'ai* huishia na *e* iliyo wazi kama *e* yetu, na *je* hufifia mwishoni. Asiyesikia tofauti huandika *je mangé*, na sentensi ile haina kisaidizi kabisa. Ukiona katika daftari lako *je* imegusana moja kwa moja na neno linaloishia kwa *é*, jua kuna kitu kimeanguka katikati.

Hatua ya pili: tengeneza umbo la tendo lililokwisha

Neno la pili ni kitenzi kikuu, nacho hukaa katika umbo ambalo Kifaransa hukiita *participe passé*. Mimi nitaliita umbo la tendo lililokwisha. Utaratibu wake wa kawaida ni mwepesi. Vitenzi vya *-er* huchukua *-é*: *visiter* huwa *visité*. Vingi vya *-ir* huchukua *-i*: *finir* huwa *fini*. Vingi vya *-re* huchukua *-u*: *vendre* huwa *vendu*.

Vilivyobaki huwa na maumbo yake, na ndivyo vinavyotumika sana kila siku. Anza na hivi: *faire, fait* (kufanya), *prendre, pris* (kuchukua), *voir, vu* (kuona), *boire, bu* (kunywa), *mettre, mis* (kuweka), *dire, dit* (kusema), *ouvrir, ouvert* (kufungua), *construire, construit* (kujenga). Vingine utavipata ukiendelea.

Kuna kosa moja la maandishi ambalo hata Wafaransa wenyewe hulifanya. *Manger* na *mangé* hutamkwa sawasawa, kwa hiyo mtu huandika *j'ai manger*. Dawa ni kuweka *vendre* mahali pale na kusikiliza. Utasema *j'ai vendu* au *j'ai vendre*? Bila shaka *vendu*. Basi hapo panataka umbo lililokwisha, na utaandika *mangé*.

Sasa unganisha: *j'ai visité, tu as vu, nous avons pris, ils ont construit*. Umejenga wakati uliopita.

Swali ambalo hakika utaliuliza ni kama huu ni wakati wa *-li-* au wa *-me-*. Katika mazungumzo ni wote wawili. *J'ai mangé* hutumika kwa "nilikula" na kwa "nimekula", na muktadha ndio unaoamua. Usijisumbue kutafuta namna mbili za kusema.

Hatua ya tatu: chagua kisaidizi

Vitenzi vingi mno vya Kifaransa huchukua *avoir*. Hata *être* yenyewe huchukua *avoir*: "nimekuwa mgonjwa" ni *j'ai été malade*, kamwe si *je suis été*. Kwa hiyo ukibanwa na hukumbuki, sema *avoir*, maana uwezekano wa kupatia ni mkubwa.

*Être* ina kundi lake dogo. Badala ya kulikariri kama orodha, lisimulie kama siku ya mgeni mmoja wa kike aliyelala Nyali:

*Elle est venue de Paris. Le matin, elle est partie de Nyali. Elle est arrivée au fort. Elle est entrée. Elle est montée sur le rempart. Elle est restée une heure. Elle est descendue. Elle est tombée. Elle est sortie. Elle est passée par le marché. Elle est allée à la plage. Elle est retournée au fort. Elle est rentrée à l'hôtel.*

Amekuja, akaondoka, akafika, akaingia, akapanda ukutani, akakaa saa nzima, akashuka, akaanguka, akatoka, akapitia sokoni, akaenda ufuoni, akarudi ngomeni, kisha akarejea hotelini. Ongeza *naître* (kuzaliwa: *elle est née*) na *mourir* (kufa: *il est mort*), pamoja na vitenzi vilivyozaliwa na hivi, kama *revenir* na *devenir*, na kundi karibu limekamilika.

Vitabu vingine humwambia mwanafunzi kwamba *être* ni ya "vitenzi vya mwendo". Kanuni hiyo siipendi, kwa sababu inapotosha kuliko inavyosaidia. Kutembea kwa miguu ni mwendo, na bado ni *j'ai marché*. Kukimbia ni *j'ai couru*. Kuogelea ni *j'ai nagé*. Kusafiri ni *j'ai voyagé*. Ukitazama vizuri, vitenzi hivi vinasema ulikwenda kwa namna gani. Ile hadithi ya mgeni inasema kitu kingine: alikuwa hapa, sasa yuko pale, alikuwa nje, sasa yumo ndani, alikuwa juu, sasa yuko chini. Anayezaliwa na anayefariki nao wamevuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Maelezo haya hayafungi kila mlango. *Rester* ni kubaki ulipo, na *grandir*, kukua, ni badiliko lakini huchukua *avoir*. Ila yatakuzuia usiseme *je suis nagé*.

Vitenzi vya kujitendea pia huchukua *être*, vyote bila kubagua. Utavitambua kwa *se* inayotangulia: *se laver, se perdre, se lever*. "Nimepotea Mji wa Kale" ni *je me suis perdu dans la Vieille Ville*. Usitafute *-ji-* ya Kiswahili ili kuvijua, kwa sababu sisi husema "nimeamka" bila *-ji-*, na Mfaransa husema *je me suis levé*.

Vitenzi vyenye sura mbili, na msaada tulio nao katika Kiswahili

Hapa ndipo mwanafunzi aliyekwisha kukariri orodha hushangaa. Amejifunza kwamba *monter* ni ya *être*, kisha anamsikia mbeba mizigo wa hotelini akisema *j'ai monté les valises*. Si kosa. Vitenzi *monter, descendre, sortir, rentrer, retourner* na *passer* huchukua visaidizi vyote viwili, kila kimoja kwa maana yake.

Kiswahili kina tofauti hiyohiyo, ila sisi tunaiweka mwishoni mwa kitenzi. Mtu hupanda, lakini mzigo hupandishwa. Mtu hushuka, lakini mzigo hushushwa. Mtu hutoka, lakini tiketi hutolewa mfukoni. Mtu hurudi, lakini kiti hurudishwa ndani. Tazama:

*Je suis monté.* Nimepanda.
*J'ai monté les valises.* Nimepandisha masanduku.

*Elle est descendue.* Ameshuka.
*Elle a descendu le sac.* Ameushusha mfuko.

*Il est sorti.* Ametoka.
*Il a sorti son billet.* Ametoa tiketi yake.

Ukiona kwamba kwa Kiswahili ungesema kupandisha, kushusha, kutoa au kurudisha, chukua *avoir*. Kipimo hiki Mwingereza hana, sisi tunacho bure.

Lakini kina mpaka wake. Kwa Kiswahili tunasema "ameshuka ngazi", bila *-sha*, na Mfaransa atasema *elle a descendu l'escalier*, kwa *avoir*. Kipimo cha Kiswahili kitakuangusha hapo. Basi tumia kile cha mwisho, ambacho wengi wetu tulikifundishwa katika sarufi ya shule: je, kuna shamirisho kipozi? Yaani baada ya kitenzi kuna nomino iliyoungana nacho moja kwa moja, bila kihusishi katikati? *L'escalier* imegusana na *descendu*, kwa hiyo ni *avoir*. Lakini ukisema ameshuka *kutoka* kwenye tuktuk, Kifaransa kitaweka *de*: *elle est descendue du tuk-tuk*. Kihusishi kimeingia, shamirisho kipozi hakuna, ni *être*. Kadhalika *je suis passé devant le marché*, nimepita mbele ya soko, kwa *être*; na *j'ai passé deux jours à Lamu*, nimekaa siku mbili Lamu, kwa *avoir*.

Kwa kipimo hicho utaelewa pia kwa nini "nimeondoka hotelini" ina sura mbili. *Partir* hutaka *de*: *je suis parti de l'hôtel*. *Quitter* hushika nomino moja kwa moja: *j'ai quitté l'hôtel*. Maana ni karibu ileile, visaidizi ni tofauti.

Hatua ya nne: upatanisho

Aliyekulia katika ngeli hashangazwi na upatanisho. Ukitumia *être* katika vitenzi vya hadithi yetu, umbo lililokwisha hupatana na kiima. Mwanamke mmoja huongeza *e*, wingi huongeza *s*, wanawake wengi huongeza *es*: *il est arrivé, elle est arrivée, ils sont arrivés, elles sont arrivées*. Kundi likiwa na mwanamume hata mmoja, hupatanishwa kwa kiume.

Angalia *vous*. Kwetu heshima huonyeshwa kwa shikamoo na kwa kumwita mtu mama au mzee, si kwa wingi wa kitenzi. Mfaransa humwambia mgeni mmoja *vous*. Kisaidizi hufuata wingi wa *vous*, lakini umbo lililokwisha hutazama ni nani hasa uliyesimama naye. Kwa mama mmoja utaandika *Madame, vous êtes arrivée*, bila *s*. Kwa kundi zima utaandika *vous êtes arrivés*.

Sehemu kubwa ya upatanisho huu haisikiki. *Arrivé, arrivée, arrivés* zote hutamkwa sawa, kwa hiyo anayesimulia kwa mdomo anasameheka, na anayeandika ujumbe wa simu kwa mteja anaonekana. Hapa na pale husikika: *il est mort* haina *t* inayosikika, *elle est morte* inayo.

Ukitumia *avoir*, kiima hakina kazi. *Les Portugais ont construit*, hakuna *s*. Kuna hali moja tu ya kuangalia: shamirisho kipozi likitangulia mbele ya kitenzi, umbo lililokwisha hupatana nalo. *Cette porte, ils l'ont construite.* Mlango huu, wameujenga. Ile *-u-* yetu ndani ya "wameujenga" na ile *e* mwishoni mwa *construite* hufanya kazi zinazokaribiana: zote mbili hukumbuka nomino iliyokwisha kutajwa. Mwanzoni unaweza kuliacha, ukalirudia ukishazoea mengine.

Kukanusha

Ukanushi huzunguka kisaidizi, si neno la pili: *je n'ai pas vu, elle n'est pas venue*. Asemaye *je n'ai vu pas* husikika mara moja kuwa mgeni. Maneno mawili madogo hukaa palepale baada ya kisaidizi na yatakufaa kila siku: *j'ai déjà mangé* ni "nimeshakula", na *je n'ai pas encore mangé* ni "sijala".

Simulizi moja, hatua kwa hatua

Haya sasa, tumesimama kivulini ndani ya ngome na wageni wanasubiri. Hivi ndivyo unavyoweza kusema:

*Vasco de Gama est arrivé à Mombasa en 1498. Les Portugais ont construit ce fort entre 1593 et 1596. En 1696, les Omanais sont venus et le siège a commencé. Il a duré presque trois ans. En 1697, un navire portugais a coulé devant le fort. Beaucoup de gens sont morts. En 1698, les Omanais sont entrés et ils ont pris le fort.*

Vasco da Gama alifika: yumo katika hadithi ya mgeni, ni *est arrivé*. Wareno walijenga: ngome imegusana na kitenzi, ni *ont construit*, "ilzon" iko mbali hapa kwa kuwa kiima ni *les Portugais*, lakini ukibadilisha kuwa *ils*, *z* itarudi. Waomani walikuja: *sont venus*, na *s* ya wingi. Mazingiwa yalianza, yakadumu: *commencer* na *durer* hazimo katika kundi dogo, kwa hiyo ni *avoir*.

Meli ilizama. Hapa wengi huteleza, kwa sababu meli ilikuwa juu ya maji, sasa iko chini, na akili inavutwa kwenye *être*. Lakini *couler* haimo katika orodha, na orodha ndiyo inayoamua: *a coulé*. Ni ile meli *Santo António de Tanná*, na ukiitaja kwa jina wageni wataanza kuuliza, kwa hiyo jiandae.

Watu wengi walikufa: *sont morts*. Neno *beaucoup de gens* lina wingi ndani yake, ndiyo maana *sont* na *s*. Kisha sentensi ya mwisho ina visaidizi vyote viwili bega kwa bega: waliingia, *sont entrés*, na wakaiteka ngome, *ont pris*. Hapo ndipo *-ka-* yetu hutamanisha. Sisi tukishasema "waliingia", tunaendelea na "wakateka" bila kuanza upya. Kifaransa hakina *-ka-*. Kila tendo hudai kisaidizi chake, hata kama kiima ni kilekile, ila tu pale vitenzi viwili vinapotumia kisaidizi kimoja: *ils sont entrés et sortis* inakubalika.

Jambo moja lisiingizwe humu. Ukitaka kueleza jinsi mambo yalivyokuwa, kwamba ukuta ulikuwa mrefu au watu walikuwa wakiishi humu, huo ni wakati mwingine, *imparfait*: *le mur était haut, des soldats vivaient ici*. *Passé composé* hubeba tendo lililotokea. Hali iliyokuwapo nyuma yake ni ya mwenzake.

Jaribu mwenyewe

Sentensi hizi tatu zina makosa. Zisahihishe kabla ya kusoma majibu.

1. *Nous avons partis de Likoni à huit heures.*
2. *Je suis marché jusqu'au marché de Kongowea.*
3. *Le porteur est monté les bagages.*

Ya kwanza ni *nous sommes partis*, maana kuondoka ni kitenzi cha hadithi ya mgeni. Aliyeiandika alikumbuka *s* ya upatanisho na kusahau kisaidizi kinachoileta. Ya pili ni *j'ai marché*, kwa kuwa inataja namna ya kwenda. Ya tatu ni *le porteur a monté les bagages*: mizigo imegusana na kitenzi, naye ameipandisha. Ukiiacha na *est*, Mfaransa atasubiri kihusishi baada ya *monté*, akidhani mbeba mizigo mwenyewe ndiye aliyepanda, na *les bagages* itamkwaza njiani.